Maiki na Kamba ya Nguo

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha viatu hapa Kabiria, kando ya birika la Hemed, muuza kahawa. Leo tulikuwa tunamwokoa Okinyi, tunayemwita Maiki. Mwezi jana alitambulisha filamu pale ukumbini akasema nani anakufa mwishoni, nusu ya watu wakaenda zao. Mpaka leo nikikumbuka naskia hasira, nilikuwa nimefunga kazi mapema! Leo saa nane kuna filamu nyingine. Wangui, mwenye kuandaa maonyesho, amempa dakika mbili, na akiharibu, hashiki hiyo maiki tena. Ilikuwa imebaki nusu saa.

— Haya, soma, nikamwambia.

Maiki akakunjua karatasi.

— Karibuni. Filamu inaitwa Kamba ya Nguo. Ni dakika themanini, wanaongea Kiluhya, maandishi ya Kiswahili iko chini. Ni ya mama anafulia watu nguo kule Kilimani. Siku moja anapata...

— Zii! nikamkatiza. Hapo hapo simama! Wataona wenyewe.

— Sawa, buda. Baadaye mazungumzo yataongozwa na Everlyn Obuya. Amefua Kilimani miaka kumi na tisa, sasa ni mwenyekiti wa chama cha madobi. Weka swali lako mpaka taa ziwake.

— Hiyo tu? Were, tunayemwita Profesa, akaruka. Taja shule yake ya msingi! Na kanisa!

— Sema amefulia balozi suruali, akasema Mwau, naye wa benchi letu.

— Amefulia? Maiki akauliza.

— Nani atabisha?

— Wacheni mchezo, nikasema. Maiki, watu watazame nini?

— Watazame... vizuri.

— Vizuri ndio wapi?

Akageuza karatasi upande wa pili. Profesa akapata nafasi.

— Kamba ni mpaka wa kaunti. Iko wazi!

— Na pegi za nguo ni wabunge, Mwau akasema. Zimeshikilia tu.

— Na upepo?

— Upepo ni uchaguzi!

Hemed alicheka mpaka akamwaga kahawa. Maiki hakucheka, jasho lilikuwa linamtoka.

Kulikuwa na dada amesimama hapo kwa mguu mmoja, Selpher, ananingoja nimpigie kisigino cha kiatu.

— Samahani, akasema. Huyo mama anafulia watu siku nzima. Nguo zake anafua saa ngapi?

Tukamgeukia Maiki. Sisi wengine hatujaiona filamu, lakini Maiki ameiona mara mbili.

— Kuna pale jioni... Ngoja. Aki, sijui. Sikuangalia.

— Basi uliza hivyo hivyo, nikamwambia.

Akafuta karibu karatasi yote, akaandika: *Tazameni nguo zake mwenyewe. Halafu tumuulize Everlyn.*

— Na jibu? Maiki akauliza.

— Hulijui, akasema Hemed. Leo hata ukitaka huwezi kuliharibu.

Maiki akaenda mbio, kahawa yake nusu.

— Fundi, hebu harakisha, Selpher akaniambia. Nataka kiti cha mbele.