Samahani ya Nne ya Byron

Asubuhi hiyo benchi letu pale kona ya soko lilijaa mapema, kila mtu na kikombe cha kahawa ya Mama Hafsa mkononi. Byron, fundi wa pikipiki, alikuwa ameinamisha kichwa. Jumapili alimpokonya bibi yake Jelagat simu, akaipiga ukutani, akamtusi mbele ya wateja wake kwa saluni. Jelagat akarudi kwao Moiben. Mwaka huu Byron ashaomba msamaha mara tatu, na mara tatu akasamehewa. Sasa benchi lilikuwa linamtengenezea ya nne.

— Mpelekee kuku, akasema Zakaria, tunayemwita Wakili ingawa kortini alienda mara moja tu, kama shahidi.

— Kuku nilipeleka Aprili.

— Basi mbuzi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mbuzi hatoshi, buda! Huyo alikuwa Ayub, dereva wa lori. Sisi humwita Breki, kwa sababu akianza kuongea hana. Akaendelea: Piga magoti kanisani, ulie, halafu video uiweke kwa grupu ya familia yao. Watu mia wakisema msamehe, atakataa aje? Umoja ni nguvu.

— Nitafanya, Byron akasema. Lakini pia yeye ajue alinichokoza. Alikuwa anacheka na mteja kwa simu.

Mwanamke mwenye begi tupu akasimama mbele yetu. Alikuwa Jepkemboi, dada mkubwa wa Jelagat, amekuja kuchukua nguo za mdogo wake.

— Byron, unaomba msamaha wa nini?

— Wa vile nilikasirika.

— Kukasirika si kosa. Ulifanya nini?

Wakili akafungua mdomo.

— Wewe nyamaza, Jepkemboi akamwambia. Aseme mwenyewe.

Byron akasema polepole:

— Nilimpokonya simu. Nikaivunja. Nikamtusi watu wakisikia.

— Yeye alikufanyia nini?

— Hakuna. Ni mimi.

— Unajua akisikia pikipiki yako inaingia, anazima redio na kuficha simu?

Hilo Byron hakulijua. Hata sisi hatukulijua.

— Atarudi lini, dada?

— Hiyo ni juu yake. Kila ukileta kuku, unampa siku mbili akusamehe. Asiposamehe, unaanza kununa na kugonga milango. Huko si kuomba msamaha, ni kumharakisha.

— Nitabadilika, naapa.

— Hiyo tuliisikia Aprili. Akisema harudi kamwe, bado utabadilika?

Byron akamwangalia Wakili. Wakili akaangalia kikombe. Breki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa na breki.

— Sijui, Byron akasema.

— Angalau hiyo ni ukweli.

Byron akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akampa Jepkemboi.

— Ingia uchukue kila kitu chake. Mimi nitakaa hapa mpaka umalize.

Jepkemboi akaenda. Byron alibaki amekaa, na hakumtuma na ujumbe wowote kwa Jelagat.