Nyumba Yenye Mkono Ukutani

Kwako nyumba yetu,

Wasifu wa marehemu kwa kawaida husomwa mwenyewe akiwa hasikii. Wewe unasomewa ukiwa bado umesimama, ili kama kuna uongo uukatae mapema. Anayekusomea ni binti pekee wa aliyekujenga, mtoto wa kati, fundi cherehani, ambaye humu ndani aliitwa Wembe kwa sababu ya mdomo wake. Wasikilizaji ni wawili. Kaka yake mkubwa, Mwenyekiti, hajawahi kuongoza chochote duniani zaidi ya vikao vya familia. Na Mama yao amekalia ndoo iliyopinduliwa, maana viti vimekwisha pakiwa.

Ulizaliwa tarehe 11 Agosti 1974, siku msingi wako ulipochimbwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mwashi. Siku za kazi alijenga nyumba za watu, Jumapili akakujenga wewe kwa masalio ya hizo nyumba, tofali za huku na nondo za kule. Ndiyo maana dirisha lako la kulia ni dogo kuliko la kushoto. Mama alipoletwa kukuona alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundi, nyumba yako inakonyeza!"

"Inakukonyeza wewe," Baba akamjibu.

Walihamia Januari 1976, wiki ya ndoa yao, rangi ikiwa haijakauka. Gauni la bibi harusi liliondoka na alama ya kijani mgongoni, na Mama hakukubali ifuliwe.

Shule hukwenda, lakini ulisomesha. Watoto watatu walipimwa urefu kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwa penseli ya kuashiria mbao. Wembe alipomaliza darasa la saba na safari ya masomo ikaishia hapo, barazani kwako ndipo alipojifunza cherehani, akiharibu mapazia yako kwanza kabla hajaharibu nguo za watu.

Kazi yako kubwa ilianza mwaka 1998, Mama alipopofuka kwa presha ya macho. Baba alileta bomba la maji, akalifunga ukutani kutoka chumbani, likapita bafuni, likapita jikoni, likaishia mlango wa nyuma. Mara ya kwanza alilipimia kimo chake mwenyewe. Mama akanyoosha mkono, akalikuta begani.

"Umempimia nani, twiga?"

Baba akang'oa, akaziba matundu, akalishusha hadi kiunoni. Wembe akalivisha vitambaa: penye bafu kitambaa cha mistari inayokwaruza, penye jiko kitambaa laini, penye mlango wa nyuma kipande cha jinzi. Tangu siku hiyo bomba likaitwa mkono, na Mama hakuwa kipofu tena, mradi yumo ndani yako. Alipika, alifagia, alifokea aliyeacha kiti njiani. Msoma mita wa maji alikuja miaka na miaka bila kujua. Siku moja akampa ankara aisome.

"Soma mwenyewe, baba," Mama akamwambia. "Mimi nimechoka kusoma."

Baba alifariki tarehe 3 Mei 2016, na ugonjwa wako ukaanzia hapo. Mabati yalishika kutu, ufa ukashuka sebuleni kama mshono uliofumuka. Lakini kilichokuua si ufa. Kitinda mimba, aliyeko ng'ambo, alipiga simu akataka sehemu yake ya urithi. Hati yako ilikuwa bado na jina la Baba, na marehemu hauzi. Basi wakakaa kikao, wakamchagua Mwenyekiti kuwa msimamizi wa mirathi, wakapeleka muhtasari mahakamani. Tangazo likatolewa kwamba mwenye pingamizi ajitokeze.

Wembe alipinga kikaoni kuuzwa kwako, kwa mdomo wote aliojaliwa.

"Mama anaijua nyumba hii kwa viganja. Mkiiuza mnampofusha mara ya pili."

"Basi tuuziane sehemu zetu," Mwenyekiti akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Nyumba haikatwi vipande kama kitenge. Abaki nayo mmoja, awalipe wengine."

Cherehani moja haiwezi hayo. Wembe alikwenda benki, wakamuuliza dhamana. Dhamana aliyokuwa nayo ni wewe, na wewe ulikuwa wa watu wanne.

Jina la msimamizi likaingizwa kwenye hati. Akapatikana mnunuzi, mfanyabiashara wa magodoro anayetaka kiwanja ajenge bohari. Alifanya upekuzi ofisi ya ardhi kuhakikisha huna rehani wala kesi, akaleta mthamini, ambaye alikuzunguka na futi yake, akauthamini udongo ulio chini yako kuliko wewe mwenyewe. Ukabaki mkataba. Wakili akasema warithi wote waridhie kwa maandishi, mjane akiwemo, na kwamba mama asiyeona lazima asomewe mkataba neno kwa neno kabla ya kuweka dole gumba.

Hapo Wembe akapata tumaini. Mama akikataa, basi. Wakili alisoma, Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Na mkono wangu wa ukutani umo humo?"

"Kila kilichofungwa ukutani kinauzwa pamoja na nyumba, mama."

"Chukueni tu hilo bomba," mnunuzi akadakia. "Mimi nabomoa vyote."

"Mama, sema hutaki," Wembe akamnong'oneza.

"Nikisema sitaki, ninyi mtasalimiana tena?"

Mama akatoa dole gumba, akaomba aelekezwe penye karatasi.

Wiki iliyopita Mama alihamishiwa kwa Mwenyekiti, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga. Mkono ukang'olewa kwako kwa tindo ili umtangulie. Mwenye nyumba akakataa ukuta wake kutobolewa. Hata angekubali, korido yenyewe inakwisha kabla bomba halijafika kitambaa cha pili. Limewekwa chini ya kitanda. Mama huko hushinda kitandani, anangoja mtu arudi kutoka kazini ampeleke bafuni.

Leo, tarehe 28 Februari, ndiyo siku ya kifo chako. Maji yamefungwa, mita ya umeme imesomwa, ankara ya mwisho imelipwa, na saa sita mnunuzi anakuja kupokea funguo. Mama aliomba aletwe akuage. Alipovuka kizingiti uso ukamchangamka, akamwachia Wembe.

"Niacheni. Hapa napajua."

Akaingia korido peke yake, akanyoosha mkono kiunoni. Akagusa ukuta. Akapapasa mbele, akakuta tundu lililochimbwa na tindo, akaingiza kidole. Akapapasa nyuma, akakuta jingine. Akasimama katikati ya korido aliyoifagia miaka zaidi ya arobaini, asijue bafu liko upande gani.

"Wembe," akaita. "Njoo unishike."

Neno hilo hakuwahi kulisema ndani yako. Amekaa sasa kwenye ndoo, na Mwenyekiti anatazama dirisha lako dogo.

Umeacha mjane mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja, matundu ukutani na alama za penseli kwenye fremu, ambayo imo kwenye mkataba na haitoki. Hujaacha nyumba nyingine.

Wembe angependa kukuombea upumzike kwa amani, lakini tingatinga linakuja Jumatatu. Simama mpaka hapo. Huu mkono wa Mama ameushika yeye, na hajui aupeleke wapi.