Oddvar Skeie na Miaka Minne ya Kopenhageni

Mdogo wetu Oddvar alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 hapa Os, Norwe, akiwa mtoto wa pili wa Magnhild na Jens Skeie. Shule aliimaliza mwaka 1973 bila kujuta hata kidogo. Akaenda kwa mjomba kujifunza kuunda mashua za mbao, na mwaka 1981 akafungua karakana yake. Mteja akimharakisha, alimwambia, "Mashua nimeshaiuliza, imesema bado."

Tarehe 18 Juni 1988 alimwoa Gunnvor, mhandisi wa madaraja, na mwaka 1990 wakampata Ingebjørg.

Mwaka 1995 Gunnvor aliitwa kazini Kopenhageni. Kwanza walijaribu awe anarudi kila Ijumaa kwa ndege, lakini Jumapili mtoto alijifungia chooni na mkoba wa mama yake ili asiondoke. Mimi dada yake nilikuwepo walipokaa jikoni kuamua, kahawa na jibini la kahawia mezani.

"Nikikataa, hawataniita tena," alisema Gunnvor. "Naomba miaka minne tu. Lakini wewe huko utaunda mashua za nani?"

"Za nani? Za bata wa bustanini! Miaka minne, Gunnvor. Halafu zamu yangu."

Kampuni ililipia kuhama na kuwatafutia shule ya chekechea. Oddvar hakutafutiwa kitu. Oda zake alimwachia fundi wa kijiji jirani, na wateja wakaenda nazo wasirudi tena. Kopenhageni aliwafungia watu makabati ya jikoni, akampeleka mtoto shule, akapika. Alipokaa bila kazi, mikono yake ilisukuma juu ya meza randa isiyokuwepo, ile ya kulainishia mbao. Nilipowatembelea ilinitisha, nasema kweli.

Mwaka 1999 Gunnvor aliombwa awe mkuu wa idara huko huko. Alimwambia, "Nimewajibu hapana. Sasa zamu yako, twende nyumbani." Oddvar akamjibu, "Wapigie simu uwaambie ndiyo. Siwezi kukaa nikuangalie unakuwa kama mimi."

Gunnvor akapiga simu. Hayo amenisimulia mwenyewe wiki hii, naye ameniomba nisiyalainishe.

Mwaka 2019 daktari aligundua kwamba Oddvar ana ugonjwa wa kutetemeka mikono. Walirudi Os mwaka 2024, Gunnvor alipostaafu. Siku ya kwanza Oddvar aliingia karakana yake ya zamani, akashika randa kwa mikono miwili, ikamponyoka. Akaiacha sakafuni, akasema, "Basi, karibuni chakula." Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2025, usingizini.

Gunnvor anasema tangu siku hiyo anaisikia randa ikipita kwenye ubao, mchana kweupe, na karakana imefungwa. Mimi simwambii ni mawazo tu. Nami nimeisikia.

Oddvar ameacha mjane, Gunnvor, binti, Ingebjørg, na mumewe Rasmus, mjukuu, Asle, na mimi dada yake, Torbjørg.

Gunnvor ameomba neno la mwisho liwe lake, nami nalisoma kama alivyolisema: "Nilimwomba miaka minne. Akanipa ishirini na tisa, na mimi nikaipokea."

Oddvar, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Hakuna tena wa kukuhamisha.