Makufuli Matatu kwenye Mlango wa Mama

Wadogo zangu, Dereva na Kinanda, nawaita kwa majina ya nyumbani, nisikilizeni kwa sauti hii iliyobaki. Maneno ni yangu, mwandiko ni wa jirani yangu muuguzi, kwa maana mkono wangu hauwezi tena kalamu, na kifua hiki kinanidai pumziko kila baada ya maneno machache. Barua mbili za kwanza hamkunijibu. Sikasiriki. Mtu mwenye uchungu wa mama yake husoma tusi hata ndani ya salamu. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho, kwa kuwa daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Mama, fundi cherehani hadi siku alipoanguka, alifia katika chumba kilekile cha kupanga alimotulea, asiache neno lolote kuhusu vitu vyake. Tuliporudi kutoka kumzika tukakaa humo sisi watatu, na wewe Dereva ukaniambia, "Dada, wewe ulikaa naye karibu, chako ulishakula akiwa hai." Kinanda ukamrukia kaka yako, "Na lile friji bovu, ulimletea Mama au ulikuja kulipaki? Kwani hapa gereji?" Nikacheka peke yangu. Kabla giza halijaingia Dereva alikuwa ameshapiga kufuli mlangoni, Kinanda akaongeza lake, nami nikaweka la tatu nisionekane mjinga. Tangu hapo mlango ule haufunguki mpaka tuwe watatu, na watatu hatujawa tena.

Nilikwenda pale kabla miguu haijanikatalia. Bomba la ghorofa ya juu limepasuka. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Basi maji ndiyo yaliyoingia chumbani, damu imebaki nje na funguo zake. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha. Kifuniko cha cherehani kimeteleza, na kwenye gurudumu kuna rangi ya chai. Nguo za wateja bado zinaning'inia, kola zimeota ukungu. Mwenye nyumba aliniambia kwa upole, "Mama mkubwa, mwezi ukiisha nakata makufuli yote na kutoa kila kitu barabarani." Ana haki. Chumba ni chake, na kodi hakuna anayelipa.

Dereva, nimesikia una wakili. Sikulaumu, na wakili huenda ni mtu mwema. Mahakama inaweza kugawa kwa haki. Lakini itataka kwanza msimamizi wa mirathi, na wewe ukijitaja Kinanda atapinga, Kinanda akijitaja wewe utapinga, na kila pingamizi lina tarehe yake, na tarehe nayo huahirishwa. Hakimu hana amri ya kuzuia kutu. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tumegombana hadi msimu umepita, na atakayevuna ni mzoa taka.

Ninachopendekeza Mama mwenyewe alitufundisha. Kulipokuwa na mkate mmoja alimpa kisu mmoja wetu na kusema, "Aliyekata huchagua mwisho." Dereva ulikuwa ukipima mkate kwa rula yake ya kushonea, ulimi nje, na sijaona tena duniani vipande vilivyolingana namna ile.

Basi fanyeni hivi. Njooni siku moja, kila mtu na ufunguo wake, mchana, wake na waume zenu wabaki nyumbani. Toeni kwanza visivyo vya Mama: nguo za wateja zirudi kwa wenyewe hata zikiwa zimeharibika, na muombe radhi, friji ni la Dereva, pasi ya umeme ni ya Kinanda, msibishane. Vilivyobaki viandikeni kimoja kimoja, na mumwite muuza vitu vya mitumba asiyetujua, avipe bei ya leo, si bei aliyonunulia Mama, na muwekeane sharti kwamba yeye mwenyewe hanunui hata kijiko. Vile ambavyo hakuna anayevitaka viuzwe, vilipe kodi na madeni yake, kwa sababu mrithi hali kabla ya mdai. Kisha Dereva apange mafungu matatu yanayolingana bei. Kinanda awe wa kwanza kuchagua. Fungu langu achague binti yangu. Dereva abaki na la mwisho. Mtapunjanaje, ikiwa aliyepanga mafungu ndiye anayebaki na la mwisho?

Vitu visivyo na bei, picha, mkasi wake, kanga ya harusi, msivitie kwenye mafungu. Chukueni kwa zamu, na raundi ya pili ianze na aliyemaliza ya kwanza. Cherehani nayo iwekeni kando ya mafungu, najua mnaitaka wote wawili. Kila mmoja aandike kwenye karatasi iliyokunjwa ni kiasi gani yuko tayari kuwafidia wenzake. Mwenye kikubwa aichukue na kukilipa kwao. Binti yangu hataandika. Mimi siitaki, ingawa ndiyo niliyolala miguuni pake nikiwa na homa, Mama akikanyaga, nami nikidhani ule mlio ni moyo wake.

Mkimaliza, andikeni makubaliano nakala tatu, saini kila ukurasa, mashahidi wawili wasio wa ukoo wala wa ndoa. Akiba yake ya benki haitatoka kwa karatasi hiyo, msidanganyane. Hiyo itahitaji msimamizi aliyethibitishwa na mahakama. Lakini kwenda mahakamani na ombi moja mliloliafiki si sawa na kwenda na kesi.

Nimeyasema yote kama mtu anayeamini mtakuja. Siamini. Ninawajua, nimewabeba mgongoni. Dereva atasema Kinanda aanze kufungua, Kinanda atasema Dereva ndiye aliyeanza kufunga, na wote mtakuwa mmesema kweli. Wala si uroho. Nimelifikiria sana hapa kitandani, nikaona kwamba chumba kikiwa kimefungwa, Mama kama vile yumo ndani na sisi tumenuniana uani tukingoja atoke kutuamua. Tukigawana, basi amekufa. Hilo ndilo hakuna kati yetu anayetaka kulitia saini, hata mimi.

Jirani ananiambia nipumzike. Nitapumzika.

Binti yangu msimwingize kwenye ugomvi huu. Akikosa fungu, msimwambie kulikuwa na fungu. Mimi nizikeni popote penye nafasi, si lazima karibu na Mama. Na kama hamtaki kusimama pamoja, aje mmoja asubuhi, mwingine jioni. Sitauliza nani alitangulia.

Kinanda, punguza maneno, bakisha kicheko. Dereva, ukichoka, simamisha gari ulale. Kila mmoja wenu na apate mtu wa kumfungulia mlango uzeeni. Mwenyezi Mungu awape... awape mikono myepesi ya kuachia. Nimewaridhia. Sina kinyongo, hata nguvu zake sina.

Jana nilimtuma jirani na ufunguo wangu. Ameniletea kufuli langu, liko hapa chini ya mto, baridi, zito kwa udogo wake. Mlangoni yamebaki mawili. Anasema maji sasa yamefika kizingiti cha nje, na ndani... ndani alisikia kitu kinaanguka taratibu, kama nguo.

Mwezi bado haujaisha.