Nafasi Zilizotengwa: Maisha ya Madam Aba Tawiah Bentsil, Mwalimu Mkuu wa Abenkwa

"Ninyi walimu mliokaa hapo mbele, nani kati yenu anasomesha mwanawe hapa?"

Swali hilo liliulizwa na Maame Botsewa, muuza dokono, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, wa soko la Swedru, katika kikao cha wazazi wa Shule ya Serikali ya Abenkwa, tarehe 16 Juni 2011, na walimu kumi na wanne walitazama simu zao, mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda ya vyoo, na mwalimu mkuu mpya, ambaye mwili wake uko mbele yetu leo, aliinamisha kichwa kwa sababu mwanawe wa kike alikuwa wakati huohuo ameketi darasa la tano, ng'ambo ya barabara, katika shule binafsi, Shule ya Maandalizi ya Taji.

Familia imeomba historia hii ianzie hapo, kwa maana yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba alizaliwa mara mbili.

Mara ya kwanza alizaliwa hapa Swedru, Alhamisi tarehe 24 Februari 1966, asubuhi ile redio ilipotangaza kwamba wanajeshi wamechukua nchi, na baba yake, marehemu Opanyin Eshun, akawa anakimbia kati ya redio na mlango wa chumba cha wazazi akiuliza kote kuwili, "Vipi, imeshatoka?" Waliomtangulia walikuwa pacha, naye kwa desturi akaitwa Tawiah, na aliyemfuata ni mdogo wake wa pekee wa kike, Araba, ambaye yuko nasi hapa.

Alisoma shule ya msingi ya serikali kuanzia Septemba 1972, enzi ambazo mtoto wa meneja wa benki na mtoto wa mchimba makaburi walikalia dawati moja, si kwa upendo, bali kwa kuwa hakukuwa na dawati jingine mjini, na mwalimu akichelewa, meneja wa benki alikuja mwenyewe kupiga kelele, na faida ya kelele zile ikamfikia pia mtoto wa mchimba makaburi. Tunaomba mlishike hilo, kwa maana ndilo lililomsumbua marehemu mpaka mwisho. Alimaliza sekondari mwaka 1984, akaingia Chuo cha Ualimu Komenda mwaka 1985, akahitimu 1988, akapangiwa vijiji vitatu mfululizo, na tarehe 1 Septemba 2010 akateuliwa mwalimu mkuu wa Abenkwa.

Aliolewa na Bwana Ekow Bentsil, mpima ardhi, tarehe 18 Aprili 1992, wakajaliwa watoto wawili, Fiifi na Ekua, na wote wawili wakapelekwa Taji. Kama walimu wengine wote wa serikali, alipokea mshahara wa shule moja akaupeleka kwenye shule nyingine, na alipoulizwa alijibu kama wenzake: "Kazi ni kazi, mtoto ni mtoto."

Mtu asidhani Taji ilikuwa kasri. Ilianza na mabanda ya mbao, na walimu wake wengi walikuwa vijana waliomaliza sekondari, hawajafundishwa ualimu, wanalipwa kiduchu. Lakini mwenye shule alipita madarasani kila asubuhi, mwalimu asipofika leo, kesho nafasi yake ina mtu. Na ada ilikusanywa getini siku kwa siku pamoja na hela ya chakula, hata muuza nyanya aliimudu siku ya mauzo mazuri, ilhali Abenkwa, iliyoitwa ya bure, iliwasubiri wazazi na mchango wa mtihani na mchango wa madawati, kwa mkupuo. Basi kila mzazi mwenye uwezo kidogo na mdomo mkubwa akavuka barabara, na wenye nyumba ya watoto wanne wakavusha wavulana wawili na kuwaacha wasichana. Watoto wa Taji wakatunga wimbo wao, na sayito ndilo jina la dharau la shule za serikali:

"Sayito, sayito, mia chumba kimoja! Mwalimu yuko shambani, analima mihogo!"

Mwalimu mmoja wa Abenkwa kweli alikuwa shambani. Hakuna aliyemshtaki, kwa sababu walioweza kushtaki walikuwa wamehama.

Mara ya pili marehemu alizaliwa Septemba 2011, alipomshika Ekua mkono akamvusha barabara kurudi upande wa pili. Ilikuwa vita nyumbani. Mume wake alisema, "Madam, siasa zako usizifanyie majaribio kwa damu yangu," na mawifi wakamwita mchawi anayeroga kizazi chake mwenyewe. Yeye akajibu, "Sasa mtaona kama yule wa mihogo hatakuja darasani, mwanangu akiwa kwenye dawati la mbele." Akaja. Walimu wengine watatu wakamfuata na watoto wao, vikao vya wazazi vikawa na kelele tena, na kwa miaka michache Abenkwa ikafanana na shule. Ekua alifaulu vizuri tu, wala hakuwa wa kwanza, na marehemu hakuwahi kumtumia kama ushahidi.

Septemba 2017 ada za sekondari ya juu zikafutwa nchi nzima. Sote tulishangilia, yeye alishangilia huku akikuna kichwa, kisha akatueleza mezani. Sekondari bora za nchi hii ni za serikali, na anayeingia huchaguliwa na kompyuta kwa alama za mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini. Wenye alama ni wale waliolipiwa shule binafsi tangu chekechea. "Kwa hiyo," alisema, "aliyelipia chini anasoma bure juu, na aliyesoma bure chini anatupwa sekondari ya kutwa isiyo na maabara. Kodi ya dokono ya Botsewa inamsomesha mtoto wa daktari." Ndiyo sababu alizikumbatia zile nafasi thelathini katika kila mia ambazo sekondari hizo bora ziliwatengea watoto waliotoka shule za serikali, washindane wao kwa wao. Aliziita mlango wa nyuma wa haki, na kuongeza kuwa nyumba yenye heshima isingehitaji mlango wa nyuma.

Haukupita muda, wenye uwezo wakaugundua na mlango huo. Kompyuta haijui mtoto alilelewa wapi, inajua jina limesajiliwa shule gani mwaka wa mtihani. Wazazi wa Taji wakaanza kubisha kwa walimu wakuu wa serikali: mwandikishe kwako, aendelee kukaa kwetu, siku ya mtihani atakuja na sare yenu. Na mwalimu mkuu alikuwa na kila sababu ya kukubali, kwa sababu ruzuku huja kwa idadi ya vichwa, Abenkwa ilikuwa imebaki na watahiniwa kumi na tisa, na ofisi ya wilaya ilikwishamwambia kuwa shule yenye darasa dogo namna hiyo na ufaulu mdogo namna hiyo itaunganishwa na nyingine.

Novemba 2022 aliyebisha alikuwa Araba, mdogo wake, na jina alilokuja nalo ni la mwanawe Paapa. Nanyi mnajua sisi ni watu wa ukoo wa mama, mtoto wa dada si mpwa, ni mwana. Wengi wetu tulikuwa sebuleni, hatukusimuliwa.

"Sista Tawiah, ni jina tu. Hatakula hata wino wako."

"Atakula kiti cha mtu."

"Kiti cha nani? Mtaje!"

"Kuukua, binti wa Botsewa. Kwa alama za majaribio yeye ndiye anayefuata kwenye nafasi hizo. Nikiweka kumi wa Taji juu yake, hana pa kwenda, na Paapa wako anazo nafasi sabini nyingine za kushindania."

"Nimelipa miaka kumi! Nimevaa nguo zilizochanika nimlipie! Leo mtoto wa dokono ndiye ukoo wako?"

"Ulilipa asisome nao, Araba. Sasa unataka ahesabiwe nao?"

Araba akasimama, akafunga kitambaa chake kiunoni, akasema, "Siku ukifa, utazikwa na hao watoto wa Botsewa," akatoka. Tumeona vema kulisema hili hadharani kwa idhini yake mwenyewe, na hatusemi kwamba alikuwa mtu mbaya, alikuwa mama aliyefuata njia ambayo nchi nzima ilimchorea.

Kuukua aliitwa sekondari ya wasichana ya Cape Coast. Paapa alikosa aliyoitaka kwa alama chache, akapata ya pili, anasoma. Lakini marehemu hakulala usingizi wa mshindi, kwa kuwa wenzake Kuukua wawili, watahiniwa halali wa Abenkwa, waliachwa nje na majina ya uongo yaliyosajiliwa na shule nyingine za serikali, na alipolalamika wilayani aliambiwa, "Madam, wenzako wanaongeza vichwa, wewe unaongeza maneno." Mwaka uliofuata watahiniwa wake wakawa kumi na watano. Wazazi wengine wakavuka tena barabara. Alianza kutuuliza mezani kama alisaidia watoto au alisaidia dhamiri yake.

Shinikizo la damu aliligundua Machi 2023, akawa anasahau dawa na kukumbuka vipindi. Tarehe 9 Septemba 2024 alianguka katikati ya paredi ya asubuhi, kiharusi kikachukua upande wa kulia, na kwa wiki nane alizungumza kwa shida. Araba alikuja hospitali siku ya tatu, akamlisha uji wa mahindi kwa kijiko kila jioni. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, akatutoka, akiwa na miaka hamsini na minane, ameacha mume, watoto wawili na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, kanisa, na Maame Botsewa, aliyeleta dokono la matanga lote na kukataa kulipwa. Tunaishukuru pia Taji, iliyotuma benchi hizi mnazokalia.

Madam, mwalimu, dada, mama, umechoka kwa haki, pumua sasa, Mungu akupe utulivu ambao sisi hatukukupa.

Nanyi wazazi mliokaa kwenye benchi hizo, tunawajua kwa sura. Tangu alipolazwa, majina ishirini na sita ya watoto wanaosoma Taji yameingizwa Abenkwa kwa mtihani ujao, na watahiniwa wenyewe wa Abenkwa ni kumi na wawili, wamevaa nyeusi na nyekundu hapo nyuma, geukeni muwaone. Usajili unafungwa Ijumaa. Kaimu mwalimu mkuu atakuwa ofisini kuanzia Jumatatu asubuhi. Tunawaomba mwende mkayaondoe majina ya watoto wenu.