Nafasi Mbili Kwenye Lori la Ndesanjo

Benchi letu liko Daraja Mbili, mbele ya kibanda changu cha kuziba pancha za baiskeli. Benchi lina miguu mitatu. Wa nne ni jiwe. Asubuhi ile tulikuwa tunaimalizia birika ya mwisho ya kahawa. Alikuwapo Reginald, karani wa bomani, tunayemwita Ulaya kwa sababu ya tai yake. Alikuwapo Manase, jina lake la utani Methali, na mzee Koikai, tunayemwita Ng'ombe Tisa. Sumari, seremala kijana, alikaa kwenye jiwe akiwa amekonda kwa siku mbili. Rafiki yake Ndesanjo alikuwa anaoa Jumamosi, na Sumari alitaka kumwalika Penina, yule muuza ndizi wa Kimandolu. Kila asubuhi dada huyo hupita hapa, humtania Sumari kidogo, kisha huenda sokoni.

— Akikataa ni sawa, alisema Sumari. Ninachoogopa ni aone haya, aanze kupita njia nyingine.

Ng'ombe Tisa alisema jambo ni rahisi: apeleke tumbaku na asali kwa baba wa binti.

— Mzee, hiyo ni posa, nikamwambia. Kijana anataka mwenzake wa harusini, hajataka mke.

— Tofauti ni nini? Akishakula asali, ataenda harusini.

Methali akaona asali haitoshi. Ipelekwe mbege, pombe ya ndizi, chungu baada ya chungu, mpaka baba alainike. Haba na haba hujaza kibaba. Ulaya naye akataka Sumari avae suti ya kuazima, apige goti barabarani, na gramafoni ilie nyuma yake. Alisema wazungu hufanya hivyo. Nilimwuliza kama amewaona, akasema amesikia.

Hapo hasira zikanipanda. Mimi kusoma nimejifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari, sina cheti, lakini sipendi mtu azungushwe. Ukimpigia goti mtoto wa watu mbele ya soko zima, atakataaje? Umemtega, hujamwalika. Nikamwambia Sumari amweleze harusi ni ya nani, siku gani, wanakwenda na nani, watarudi saa ngapi. Amchekeshe kidogo, kwa kujicheka mwenyewe. Kisha amwachie mlango wazi, tena ampe na neno la kutokea, asihangaike kutunga uongo.

— Mlango ukiwa wazi si atatoka? akauliza Methali. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Sijui alikuwa anamsema nani.

Penina akatokea darajani na mkungu kichwani. Sumari akainuka, akatembea hadi kwenye kingo, mbali nasi kidogo, akasimama pembeni asimzibie njia. Sisi tukageuka kuutazama mto kama watu waliotumwa kuupima. Lakini masikio hayana kope.

— Penina, Ndesanjo anaoa Jumamosi, kanisani kule juu mlimani. Nimepewa nafasi mbili kwenye lori, na mimi nina makalio ya mtu mmoja.

Akacheka. Nikapumua.

— Lori litajaa kwaya ya akina mama, akaendelea. Tutarudi jua halijazama. Binamu yako Susana akitaka, naye aje, nitasimama mimi. Kazi yako ni kunikonyeza nikianza kucheza vibaya.

— Na nisipotaka?

— Niambie tu ndizi zimeiva sana wiki hii. Sitauliza kwa nini. Jumatatu nitanunua chana langu la ndizi kama kawaida, na wewe utanitukana kama kawaida.

Penina akatutupia jicho. Ng'ombe Tisa alinibana mkono mpaka ukauma. Kisha yule binti akatushukia benchini, Sumari akiwa nyuma yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukajibu wote, hata Methali ambaye ni rika lake.

— Mnaifahamu hii harusi?

Tukasema tunaifahamu sana. Ulaya akasema Ndesanjo ni kama mdogo wake. Methali akasema amekula kwao. Mimi nikasema baiskeli yake nimeiziba tangu ikiwa mpya.

— Bibi harusi anaitwa nani?

Ulaya akaigusa tai. Methali akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mimi niliyewafundisha watu kusema mambo waziwazi, siku zote nilikuwa nikimwita mchumba wa Ndesanjo. Nikamtazama Sumari. Naye alikuwa anatazama viatu vyake.

— Siendi kumpigia vigelegele mtu asiye na jina, Penina akasema. Akaurekebisha mkungu, akamgeukia Sumari, akamwambia: Kaniulizie jina lake. Ndizi zangu bado mbichi.

Akaenda zake sokoni. Ng'ombe Tisa akauliza maana yake ni nini, lakini Sumari alikwishachukua baiskeli ya mteja wangu, ambayo nilikuwa sijamaliza kuiziba, na alikuwa anapanda nayo kwa Ndesanjo kwa rimu tupu.

Sikumwita arudi. Nilitaka kumalizia kahawa yangu, nikakuta Methali ameinywa.