Kucha za Mkwe Mtarajiwa

Mkwe mtarajiwa hakuwa na gari, hakuwa na nyumba, wala hakuwepo kujitetea.

"Kucha zake fupi na pana, ishara ya ugomvi," mama mmoja alimwambia mwenzake kwenye foleni ya posta. "Zina mistari, tena za manjano. Msoma viganja kasema ini limekwisha."

"Kwani anafanya kazi gani, dada?"

"Anapaka vanishi samani."

Nyuma yao kwenye foleni, nilikohoa kuficha kicheko.

"Basi huenda ni vanishi tu," mwenzake akasema. " Mistari ya wima wengi tunayo, huzidi na umri. Ukiwa na shaka, akapimwe damu hospitalini."

"Wewe kusoma mikono hujui."

Yule mama akalamba bahasha yenye barua ya kuvunja uchumba, akaibana kwa kidole gumba chenye ukucha wa mistari kama bati, akaitumbukiza sandukuni.